Uzi wa meno, utepe au brashi ndogo: pengo lako ndilo linaloamua

"Wakuu, kila usiku natumia uzi wa meno lakini nyama na mchicha vinabaki palepale kwenye magego ya juu, na harufu haiishi. Nibadilishe uzi au ninunue zile brashi ndogo za waya za kupenyeza kati ya meno? Saizi yangu nitaijuaje?"

Mkuu, hali hiyo naifahamu vizuri. Miaka mitatu iliyopita nilikwanguliwa ugaga, fizi zikapungua uvimbe, na mapengo ya kati ya jino na jino yaliyokuwa yamezibwa na ule uvimbe yakabaki wazi. Niliendelea na uzi kama zamani. Ulikuwa unapita bila kukamata chochote, nami nikidhani nimeshasafisha.

Kilichonifungua macho ni maelezo ya daktari wa meno. Uzi ukivutwa hunyooka, wakati mzizi wa gego haujanyooka: ubavuni una bonde. Fizi ikishuka, lile bonde huwa wazi. Uzi hugusa kingo zake mbili na kuruka katikati, na ukoga hubaki humo ndani. Hata gego dogo la kwanza la juu, lile linalofuata chonge, lina bonde la namna hiyo upande wa mbele. Nywele za brashi ndizo zinazoingia humo. Kwa hiyo kama kuna nafasi ya brashi kupita, tumia brashi. Uzi uachie sehemu ambazo meno yamebanana na fizi imejaa hadi juu.

Kuhusu saizi, usiamini rangi, maana kila kiwanda kina rangi zake. Angalia namba kwenye pakiti. Kipimo cha kimataifa huanzia 0, ambayo hupita kwenye tundu la milimita 0.6 au chini yake, na namba huongezeka kadiri brashi inavyonenepa hadi 8. Nunua kwanza pakiti ya mchanganyiko. Simama mbele ya kioo penye mwanga, uanze na nyembamba kabisa. Ikipita bila kugusa pande zote mbili, panda saizi moja. Inayokufaa huingia kwa ukinzani kidogo, unasikia nywele zikisugua jino la huku na la kule, na waya haupindi wala haukwaruzi. Ikigoma, usisukume; shuka saizi.

Usitegemee saizi moja kwa kinywa kizima. Mimi magego makubwa ya juu yanachukua namba 3, magego madogo namba 1, na meno ya mbele ya juu hayapitishi brashi yoyote, hivyo huko natumia uzi. Meno mawili ya chini yana upenyo mdogo ambao brashi haiingii na uzi mwembamba unapwaya. Hapo nimeweka utepe, ambao ni bapa na mpana zaidi, kwa hiyo unafuta eneo kubwa.

Kwa magego ya nyuma, usiachame sana. Funga mdomo nusu ili shavu lilegee, pinda shingo ya waya kidogo kwa kidole, kisha ingiza ukizungusha taratibu. Toa na kuingiza mara nne au tano, suuza, hamia pengo jingine. Dawa ya meno si lazima. Nywele zikilala au waya ukipinda, tupa hiyo brashi.

Na uzi nao una namna yake. Kata kama sentimita 45, zungushia kwenye vidole vya kati, upitishe taratibu bila kuuchapa kwenye fizi. Ukumbatishe jino moja, ushuke kidogo chini ya ukingo wa fizi, upandishe na kushusha. Kisha geukia jino la pili la pengo hilohilo. Ukivuta kama msumeno utakata fizi.

Siku za mwanzo nilitoka damu karibu kila pengo. Sikuacha, na ndani ya wiki mbili ilikata kila mahali isipokuwa pengo moja la juu kulia, ambako pia uzi ulikuwa unachanika nyuzinyuzi kila siku. Hiyo ni dalili ya kuzingatia. Kumbe jino lililozibwa zamani lilikuwa na ukingo wa kizibo uliojitokeza nje, ukihifadhi uchafu. Daktari aliusawazisha, na damu ikakoma siku chache baadaye.

Wewe jaribu hivi kwanza: baada ya kila pengo inuse brashi kabla ya kuisuuza. Utajua harufu inatoka wapi hasa. Ikiwa baada ya wiki mbili pengo hilo bado linanuka au linatoa damu, au nyama inanasa hapohapo kila mlo, nenda ukalionyeshe hilo pengo kwa daktari wa meno. Huenda kuna tundu, meno yameachana, au ugaga umekaa chini ya fizi ambako hakuna brashi ya nyumbani inayofika. Na kama unatumia kijiti cha meno baada ya nyama, kiweke pembeni kwa sasa, maana kinaweza kuumiza fizi na kuisukuma ishuke zaidi.