Dhahabu ya benki kuu ikiazimwa

Mimi nanunua dhahabu Makongolosi. Benki kuu inakopeshaje dhahabu, na inapata nini?
*Mnunuzi, Chunya*

Inapata ada, kwa sababu dhahabu ikilala ghalani haizai riba. Chukua hali ya 1999, wakia moja ikiwa kama dola 260. Benki ya biashara inaiazima kwa ada ya asilimia 1 kwa mwaka, inaiuza siku hiyohiyo, na hizo dola inaziweka kwenye riba ya, tuseme, asilimia 5. Mwaka ukiisha zimekuwa 273. Ikitoa ada, inaweza kumwahidi mwenye mgodi dola 270 hivi kwa wakia atakayoleta mwaka ujao, na hiyo ndiyo itakayorudishwa benki kuu. Lakini wakia hiyo imeshauzwa sokoni leo, kabla haijatoka ardhini. Uazimishaji ukizidi, bei inashuka, na wewe mnunuzi wa Chunya unaiona kwenye bei elekezi.

Na benki kuu zikigoma kukopesha?
*Mwalimu, Iringa*

Hilo lilitokea, na likagusa nchi yetu. Septemba 26, 1999, benki kuu 15 za Ulaya zilikubaliana kuweka kikomo cha kuuza dhahabu na kutoongeza uazimishaji. Waliokuwa wameazima wakakimbilia sokoni kununua ili warudishe. Ada ya kuazima kwa mwezi mmoja ikapanda hadi asilimia 9 hivi, na bei ikatoka karibu dola 265 ikapita 320 kwa siku chache.

Mgodi ungefurahia bei kupanda, sivyo? Ashanti, kampuni ya dhahabu ya Ghana, ilikuwa imefunga mikataba mingi mno ya bei ya mbele, yaani kuuza dhahabu ya baadaye kwa bei iliyokubaliwa mapema. Bei ilipopanda, mikataba ikageuka hasara kwenye vitabu, na benki zikadai dhamana taslimu ambayo kampuni haikuwa nayo, ingawa dhahabu yake ilikuwa bado ardhini. Mwaka 2000 ikauza nusu ya mgodi wake wa Geita kwa AngloGold. Kwangu hilo ndilo funzo kubwa: mgodi mzuri uliyumba kwa karatasi.

Ujerumani ilirudisha dhahabu yake nyumbani. Bei ilipanda kwa sababu hiyo?
*Mfanyabiashara, Mwanjelwa*

Kuhamisha peke yake hakuongezi mnunuzi hata mmoja. Kati ya 2013 na 2017 Ujerumani ilipeleka Frankfurt tani 300 kutoka New York na 374 kutoka Paris. Kinachoweza kubadilika ni dhahabu iliyo tayari kuazimwa, kwa kuwa biashara hiyo kitovu chake ni London. Ukitaka kujua kama inaadimika, tazama ada ya kuazima, na kama dhahabu ya kupokea leo inauzwa ghali kuliko ya miezi ijayo.

Kubadilishana ni jambo jingine: benki kuu inatoa dhahabu, inapokea dola, na inaahidi kuinunua tena. Venezuela ilifanya hivyo na Citibank. Mwaka 2019 ilishindwa kulipa, ikaipoteza.