Kumgeuza mwenye biashara kuwa kikaragosi: anza na picha, malizia na rangi tatu

Tuseme mteja ni mama anayeuza chapati na maharage, anataka sura yake ikae kwenye stika za vifungashio, kwenye fulana za vijana wake na kwenye duara dogo la WhatsApp. Amekutumia selfi. Irudishe. Simu ikiwa karibu kiasi cha urefu wa mkono, pua huvimba na masikio hukimbilia nyuma, na ukichora juu ya picha hiyo utakuwa unachora kosa la kamera. Omba picha iliyopigwa umbali wa mita 2 hivi, kamera ikiwa usawa wa macho, mwanga ukitoka upande mmoja. Omba moja ya mbele na moja akiwa amegeuka kidogo, akicheka.

Kabla ya kugusa kompyuta, funika picha na ujiulize: mtu akimtafuta mama huyu sokoni, ataelekezwaje? "Yule wa kilemba chenye fundo kubwa, mashavu ya mviringo, ana mwanya." Alama tatu hizo ndizo kazi yote. Mikunjo ya shingo, hereni ndogo, nyusi zake halisi, vyote viache. Ukitaka kubakiza kila kitu utapata picha iliyochorwa vibaya, si kikaragosi.

Sasa iweke picha kwenye leya ya chini katika programu ya kuchorea ya Inkscape, ififishe hadi ionekane kwa asilimia 30, kisha ifunge isisogee. Katika ukurasa wa pikseli 1000 kwa 1000, uso uwe duara la upana wa 600. Kilemba ni nusu duara pana zaidi, kama 680, na fundo ni majani mawili yanayotokeza upande wa kulia. Mdomo ni nusu duara la 240, na meno ni utepe mmoja mweupe, bila kuchora jino moja moja.

Mwanya ndio unaowaponza wengi. Kwenye picha huenda ni sehemu ya 40 ya upana wa uso. Stika ikiwa na uso wa milimita 24, mwanya huo unabaki milimita 0.6; wino ukitanuka kidogo, umezibika, na mama amepata meno ya mtu mwingine. Uchore kama sehemu ya 12 ya uso, yaani pikseli 50, ili kwenye stika ubaki milimita 2. Kwenye skrini kubwa utaonekana umezidi. Uache hivyo hivyo.

Kabla ya rangi, jaza mchoro wote weusi. Ukibaki na duara tupu, fundo la kilemba halijatokeza vya kutosha. Livute nje mpaka mtu amtambue mama kwa kivuli peke yake.

Rangi tatu zinatosha: kahawia ya ngozi #6B3A22, manjano ya kilemba #F4B41A na nyeusi yenye ukahawia #2B1A12 kwa mistari. Hapa kuna mtego. Macho meusi juu ya uso mweusi hayaonekani, na wachoraji wengi hukimbilia kumpausha mama. Wateja wake watauliza mbona mmemchubua. Dawa ni kumpa macho meupe yenye mboni nyeusi, ambayo pamoja na meno yatausomesha uso hata ukiwa mdogo. Midomo usiipake nyekundu nene. Juu ya uso mweusi inarudisha vikaragosi vya kikoloni vya kutudhihaki.

Weupe huo ni karatasi isiyochapwa, kwa hiyo hauhesabiwi. Lakini kwenye fulana ya kijani, macho na meno yatakuwa ya kijani! Hapo nyeupe inageuka wino wa nne, na kwa fundi anayechapa fulana kwa skrini, yaani fremu ya kitambaa cha wavu inayopitisha wino, kila rangi ni skrini yake na gharama yake. Mwambie mteja mapema. Skrini nazo husogea kidogo wakati wa kuchapa, zikaacha ufa kati ya kilemba na paji la uso. Mstari mweusi mnene unaopanda juu ya rangi zote mbili huuficha.

Mwisho tengeneza toleo la muhuri, lenye wino mmoja. Usilibadilishe kuwa la kijivu, lichore upya: uso ujae wino, macho na meno yabaki wazi, kilemba kiwe cheupe chenye mstari wa kukizunguka. Pua, ambayo ni mstari mfupi tu, itapotea ndani ya wino, na hakuna atakayeiulizia.