Umepima mapema, mstari mmoja: usikate tamaa wala usishangilie

"Wadada naombeni msaada, zimebaki siku 5 nione siku zangu, chuchu zinauma balaa na nachoka sana, nimepima leo asubuhi mstari mmoja tu. Ndo sina mimba au kipimo kinadanganya?"

Pole mpenzi, kusubiri kunatesa jamani. Kipimo hakijakudanganya, umekiwahi tu. Yai likitoka na kurutubishwa zinapita kama siku 6 mpaka 12 ndo lijishikize kwenye mji wa mimba, na ile homoni ya hCG ambayo kipimo kinaitafuta inaanza kupanda kuanzia hapo, kidogo mno, inajizidisha maradufu kila siku 2 au 3, mpaka ije ionekane kwenye mkojo siku zako zimeshafika.

Kuhusu chuchu na uchovu usiviamini sana. Kila mwezi yai likishatoka projesteroni inapanda, uwe umeshika mimba au hujashika, na ndo hiyo inayojaza matiti na kukuletea usingizi na tumbo kujaa gesi. Mi miezi mitatu mfululizo nilikuwa na dalili zote hizo na damu ikaja vizuri tu.

Mwezi nilioshika ilikuwa hivi: mzunguko wangu ni siku 30, nilitegemea damu tarehe 18, kwa hiyo yai lilitoka kama tarehe 4. Tarehe 13 nikapima, mstari mmoja, nikalia. Kesho yake nikaona katone ka rangi ya pinki kwenye tishu, mara moja tu basi, nikajua ndo siku zinakuja mapema. Tarehe 17 nikapima tena kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, mstari wa pili ukaja mwembamba hadi nikaupeleka dirishani kwenye mwanga, tarehe 20 ukakolea kabisa. Chuchu wala hazikuniuma mwezi ule!

Sasa we subiri siku ya kutegemea damu ipite, hata siku 2 au 3, upime na mkojo wa kwanza kabla hujanywa maji mengi. Chovya mpaka kwenye alama tu usiipitishe, soma ndani ya dakika 5 kama karatasi yake inavyosema alafu tupa, maana ukikirudia baada ya nusu saa unaweza kukuta kimstari cha kijivu kisicho na rangi, hicho ni mkojo umekauka, sio mimba. Mstari wenye rangi hata ukiwa hafifu, uliotokea ndani ya muda, huo mara nyingi ni kweli, rudia baada ya siku 2 uone kama unakolea. Ya chumvi na dawa ya meno achana nayo, hayapimi hCG.

Ila ukipata mistari miwili alafu tumbo likakukata upande mmoja chini, au ukasikia kizunguzungu na damu inatoka, usisubiri mstari ukolee, nenda hospitali siku hiyohiyo, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na kipimo cha mkojo hakiwezi kukuonyesha hilo.