Maswali na majibu: DVD na kisoma kadi ndani ya kompyuta ya mezani

Fundi, naunda kompyuta mpya. Bado kuna maana ya kuweka DVD ndani au nitakuwa najaza nafasi tu?

Angalia diski ulizonazo kabla ya kuangalia kompyuta. Kama una masanduku ya picha na muziki uliochomwa miaka ya nyuma na unataka kuvihamisha vyote, weka ya ndani. Kazi ya kuingiza diski moja baada ya nyingine inaenda vizuri zaidi na mashine iliyofungwa imara na yenye umeme wake. Kama utaigusa mara moja moja, nunua ya nje ya USB uifiche kwenye droo. Kwa kuweka Windows haihitajiki tena, flashi inatosha.

Kabla hujalipa, hakikisha kasha lako lina nafasi ya inchi 5.25. Makasha mengi mapya hayana, kwa sababu sehemu yote ya mbele wameipa feni.

Ukichagua ya nje, ichomeke moja kwa moja nyuma, kwenye mazabodi yenyewe. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 tu, la USB 3.0 linaahidi 900, na diski inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Dalili za njaa ya umeme hazijifichi: inaanza kuzunguka, inatoa sauti ya tik, inapotea kwenye Windows, kisha inarudi. Wengi huitupa hapo wakidhani ni mbovu.

DVD yangu ilikuwa nzima kabisa. Nimeongeza SSD ya M.2, kuwasha tu, DVD haionekani. Imeungua?

Sidhani. Bonyeza kitufe cha kufungulia trei. Ikifunguka, umeme inaupata, maana umeme wake hautoki kwenye mazabodi: unatoka pawa saplai kwa ule waya bapa mpana wa pini 15. Waya mwembamba wa pini 7 ndio unaobeba data kwenda kwenye mazabodi, na tatizo lako liko upande huo.

Chipu inayosimamia matundu kwenye mazabodi ina njia chache za data kuliko matundu unayoyaona. Kwa hiyo watengenezaji wengi huunganisha tundu la M.2 na tundu moja au mawili ya SATA, yale yanayopokea waya huo wa data, kwenye njia zilezile. Ukichomeka SSD, matundu hayo ya SATA yanazimwa. Hakuna ujumbe wala mlio; unachokiona ni kifaa kimetoweka.

Tuseme mazabodi ina SATA sita na M.2 mbili. Diski kuu iko SATA1, ya akiba SATA2, na DVD uliichomeka SATA5 kwa kuwa ilikuwa pembeni na waya ulifika kirahisi. Sasa umeweka SSD kwenye M.2_2. Fungua kijitabu cha mazabodi, ukurasa wa matundu ya M.2. Kwa kawaida utakuta jedwali au mstari mdogo chini ya mchoro unaosema SATA5 na SATA6 hazifanyi kazi M.2_2 ikitumika. Soma kwa makini, kwa sababu mazabodi nyingine huzima matundu hayo kwa SSD ya aina yoyote, nyingine kwa M.2 ya aina ya SATA pekee. Dawa ni kuzima kompyuta, kuhamishia waya wa data SATA3, kuwasha na kuingia BIOS. Jina la DVD likionekana kwenye orodha ya SATA, umemaliza. Windows itaiona yenyewe.

Usihangaike kutafuta tundu lenye kasi. DVD inayosoma kwa 16x hutoa takriban megabaiti 22 kwa sekunde, na hata SATA ya kizazi cha kwanza hupitisha 150. Matundu mazuri waachie SSD.

Nimetoa DVD kwenye laptopu iliyokufa. Itaingia kwenye ya mezani?

Kama ni ya SATA, ndiyo, lakini sehemu yake ya umeme ni fupi, ina pini 6 badala ya 15, kwa sababu inatumia volti 5 peke yake. Utahitaji kiunganishi cha kugeuza, na kibati cha kuishikilia ndani ya nafasi ya inchi 5.25. Kama ni ya IDE, aina ya zamani ya kabla ya SATA, iache.

Kisoma kadi changu cha ndani kinachukua karibu nusu saa kuhamisha picha za kadi ya GB 64. Muuzaji anasema kadi ni mbovu.

Kadi haina kosa. Fungua ubavu wa kasha ufuate waya wa kisoma kadi. Naweza kukisia unaishia kwenye pini 9 zilizoandikwa JUSB1 au F_USB. Hiyo ni USB 2.0, ambayo kwa kazi halisi hutoa megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Gawanya 64,000 kwa 35 upate sekunde 1,829, yaani dakika 30. Hesabu inalingana na malalamiko yako vizuri mno, haiwezi kuwa bahati tu.

Kadi ya daraja la kasi la UHS-I inaweza kufika karibu megabaiti 90, na hapo kazi hiyohiyo ingechukua dakika 12. Lakini kisoma kadi chenyewe lazima kiwe cha USB 3.0, chenye plagi pana ya pini 19. Kununua kigeuzi cha kutoka pini 19 kwenda 9 ni kurudi ulikotoka.

Tatizo ni kwamba mazabodi nyingi za kawaida zina sehemu moja tu ya pini 19, na tayari matundu ya USB ya mbele ya kasha yameikalia. Kwa hali hiyo mimi ningeachana na cha ndani, nikachukua cha nje cha USB 3.0 na kukichomeka nyuma. Cha ndani nakipendekeza kwa mtu anayehamisha picha kila siku na mwenye pini 19 zilizo wazi, basi.

Pini za ndani zinafanana. Nikichomeka waya wa kisoma kadi popote panapoingia kuna shida?

Shida kubwa. Sehemu ya sauti ya mbele nayo ina pini 9, ila pengo lake haliko kwenye kona kama la USB. Mbaya zaidi ni mazabodi za zamani zenye sehemu ya 1394, yaani FireWire: umbo lake ni kama la USB, lakini inabeba volti 12, na kisoma kadi kimetengenezwa kwa 5. Kitaungua papo hapo. Soma maandishi pembeni ya pini, usiamini umbo. Na chomoa waya wa ukutani kwanza, kwa sababu hata kompyuta ikiwa imezimwa pini hizo huweza kuwa na umeme.

Kadi ya GB 128 kutoka kwenye kamera, Windows inasema lazima niiformati. Nikubali?

Usibonyeze chochote. Visoma kadi vya zamani viliishia SDHC, yaani GB 32, na vikipewa kadi kubwa zaidi huweza kuisoma vibaya. Irudishe kwenye kamera. Picha zikionekana huko, unganisha kamera yenyewe kwa waya wa USB uzihamishe, kisha ubadilishe kisoma kadi.