Doti Ikitengana: Kupanga Mavazi ya Mhusika Anayebadilika

Kabla sijaenda Kariakoo kununua hata kitambaa kimoja, huwa nachora jedwali. Kila sini inapata mstari wake: inatokea siku ya ngapi ya hadithi, mhusika ametoka kufanya nini, amevaa nini na nguo iko katika hali gani. Siku ya hadithi siyo siku ya kurekodi. Mara nyingi sini ya mwisho hurekodiwa asubuhi ya kwanza, na bila jedwali hilo utamvalisha mtu nguo iliyochakaa wiki tatu kabla hajaanza kuhangaika.

Nichukue mfano wa filamu fupi niliyoivalisha. Zuhura, mke wa mfanyabiashara wa Tanga, anaachwa na mumewe, anakaa muda mrefu ndani ya nyumba, kisha anaanza kukaanga vitumbua kando ya barabara. Hatua tatu.

Hatua ya kwanza nilimpa doti kamili ya khanga nyekundu, bado na wanga wake, upande mmoja kiunoni na mwingine mabegani. Khanga mpya husimama na kuchakarisha, hata kwenye sauti inasikika. Hatua ya pili anabaki na upande mmoja wa doti ile, na kichwani anajitanda khanga nyingine kabisa. Mama yeyote anayetazama anaelewa mara moja kwamba nyumba hiyo imepungukiwa, bila mhusika kusema neno. (Soma jina la khanga kabla hujalipa. Watazamaji watalisoma, na wakilicheka sini yako ya msiba imekwisha.)

Rangi niliipanga na mtu wa seti. Kuta za nyumba zilikuwa za chokaa ya buluu iliyofifia, kwa hiyo gauni la hatua ya pili lilikuwa la buluu hiyohiyo, hafifu kidogo. Zuhura akikaa karibu na ukuta anapotea. Dairekta alitaka nyekundu irudi mwishoni. Nilikataa, kwa sababu yule wa mwisho si bi harusi aliyefufuka, ni mtu mwingine. Nikampa kijani cha majani ya mgomba.

Kuhusu kukaa kwa nguo mwilini, usitumie dera. Dera humpwaya kila mtu, kwa hiyo halisemi lolote. Tulishona gauni la kubana kiasi, na nakala yake iliyoongezwa sentimita nne kila ubavu, shingo ikiwa pana kidogo ili bega liwe linateleza. Mwigizaji hakupungua hata kilo moja, lakini kwenye kamera alionekana amekonda. Gauni la kijani lilimkaa sawasawa, mikono mifupi, maana mtu anayekaanga hawezi kuburuta mikono juu ya moto.

Sasa uchakavu, ambapo wengi huharibu. Wanachukua nguo, wanaipaka tope, wanasema maisha magumu. Mtu asiye na pesa hufua, tena sana. Nguo yake ni safi na imepauka. Kwa hiyo jiulize mwili wake unafanya nini. Muuza vitumbua anarukiwa na mafuta tumboni, upande wa mkono anaogeuzia, na pindo la chini linatobolewa na cheche za mkaa. Mgongoni hakuna kitu isipokuwa jua.

Kwanza choma uzi mmoja wa kitambaa. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni poliesta, na hapo jiki wala chai havitakusaidia sana. Pamba ifue kwa maji ya moto iachie wanga, kisha ichovye kwenye jiki iliyozimuliwa, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, ukiwa nje na umevaa glavu. Itoe mapema: nguo mbichi huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka. Suuza mara nyingi, wala usitie siki kwenye jiki, inatoa gesi ya sumu. Weupe unaong'aa uzime kwa chai ya rangi nzito. Pindo lisugue kwa msasa namba 120. Madoa ya mafuta nayapaka kwa vaselini, maana mafuta ya kula husambaa na kunuka kwenye taa.

Nunua doti zote siku moja, kwa kuwa toleo likiisha dukani halirudi. Nguo ya hatua ya pili nilikuwa nayo tatu, zenye uchakavu tofauti, kila moja kwenye mfuko ulioandikwa namba za sini na kubandikwa picha.

Halafu mwambie mapema anayefua nguo za seti asiguse mifuko hiyo. Mtu mwenye roho nzuri na sabuni ya unga anaweza kukurudishia pindo jeupe pee, limepigwa pasi.