Bawaba za geti la mbambakofi, Shela

"Geti langu la mbambakofi, upana mita 1.2, urefu 1.8, unene senti 4, linaangalia bahari, ukuta ni wa mawe ya matumbawe. Nitie bawaba za kawaida za mlango?"

Za kawaida hapana ndugu, hizo waachie milango ya ndani. Mbambakofi ni mzito, mita moja ya ujazo yafika kama kilo 800, kwa hivyo geti lako ni karibu kilo 70, na bawaba mbili zikiachana mita 1.4 basi ile ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 30 muda wote, na skrubu fupi pale ukingoni zitang'oka tu.

Chukua zile za mkono mrefu, mkono ufike kama senti 40, theluthi ya upana, na uzifunge kwa bolti zinazopenya hadi upande wa pili na nati na washa pana, si skrubu.

Sasa ukuta ndio penye kazi. Rolbolti ikitanuka kwenye jiwe la matumbawe inalipasua, ukiona unga mweupe unamwagika ujue imelegea. Bora usimamishe nguzo ya mbambakofi, uishike ukutani kwa vyuma vilivyojengewa ndani, halafu bawaba ikae kwenye nguzo.

Chuma chukua stenlesi 316, bolti na washa zote za namna moja, maana bolti ya kupakwa zinki kwenye bawaba ya stenlesi huliwa haraka na chumvi. Komeo la chini liingie kwenye paipu iliyo wazi chini, la sivyo mchanga utaijaza.