Nzi weupe wanarudi kila baada ya kupuliza

*Swali: Nyanya zangu ziko Busia, upande wa Uganda, na zimeanza kutoa maua. Nikigusa mche nzi weupe wanaruka kama wingu. Nimepuliza saipamethrini mara mbili, saa nne asubuhi, lakini baada ya siku chache wamejaa tena. Mitego ya njano itawamaliza?*

Ndugu mkulima, mitego peke yake haitawamaliza katika shamba la wazi. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha wakati wa kupuliza, na hapo ndipo ulipokwama.

Geuza jani la chini, lile lililokomaa. Utaona vijigamba vya njano iliyofifia vimeng'ang'ania jani, havitembei. Hao ndio watoto wa nzi, wanafyonza utomvu. Ukiona ganda jeupe tupu lililopasuka mgongoni, mmoja ameshatoka na kuruka. Saipamethrini huangusha baadhi ya wanaoruka, lakini mayai na vijigamba vya chini ya jani hubaki. Tena inaua nyigu wadogo wanaowashambulia nzi hawa, na nzi wenyewe katika sehemu nyingi wameshaizoea. Iache kabisa.

Kata vipande vya jerikeni ya njano, vipake mafuta ya mgando ya kujipaka, uvitundike usawa wa ncha za miche, ukivipandisha miche inapokua. Hesabu walionasa kila baada ya siku mbili, kisha futa na upake upya. Idadi ikipanda mfululizo, kizazi kipya kinatoka, usisubiri wingu.

Kwa hali uliyonayo, anza sasa. Tuseme Jumatatu: puliza dawa yenye buprofezini kwa kipimo cha lebo. Hii huwazuia watoto kujivua ngozi, haiui wakubwa, kwa hiyo usishtuke ukiwaona bado wanaruka. Jumamosi rudi na sabuni ya maji, mililita 150 katika bomba la lita 15, baada ya kuijaribu kwenye miche michache na kuona haijaungua kesho yake. Alhamisi inayofuata tumia mafuta ya mwarobaini kwa kipimo cha lebo. Mayai huanguliwa kwa takriban wiki moja, ndiyo maana siku tano zinatosha kati ya dawa na dawa.

Puliza saa moja asubuhi, kungali na ubaridi na nzi hawana nguvu ya kuruka. Saa nne wameshachangamka, wanaondoka kabla dawa haijawafikia. Elekeza mdomo wa bomba juu kutoka chini ya mche mpaka upande wa chini wa majani ulowe. Sabuni isiyomgusa mdudu haimdhuru.

Mche uliodumaa, majani ya juu yakiwa madogo, yamejikunja na kuwa ya njano kingoni, una virusi vinavyoletwa na nzi hawa. Hautapona. Ung'oe, lakini upulizie kwanza na kuufunika kwa mfuko palepale, la sivyo nzi watahamia mche wa jirani wakiwa wamebeba ugonjwa.